Hela yetu iko wapi? Bei ya kipande na kapu lililo nyuma yake

Kikundi cha ukoo wetu kina watu 14, kila mmoja anatoa Sh 20,000 kwa mwezi. Kwa miaka mingi ulikuwa mchezo wa kawaida: hela inakusanywa, anapewa mmoja, mwezi unaofuata anapewa mwingine. Baadaye tukakubaliana tuache kupokezana, tuziweke kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na kazi ya kuandika hesabu nikatupiwa mimi. Mwezi wa kwanza nilituma Sh 280,000. Ujumbe ukarudi kwenye simu: tumepata vipande 678.5938, kwa bei ya Sh 412.6180 kila kimoja. Nikausoma kwa sauti kwenye kikao, nyumbani kwa Shangazi, Tanga.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Baba, nusu kipande kinakaaje? Na hela yenyewe sasa hivi iko wapi?"

Watu wakacheka, lakini mimi sikuwa na jibu la haraka. Hela haikuwa benki kwa jina letu. Haikuwa kwa mtu. Wala hakuna jengo wala duka ambalo ningeweza kumwonyesha nikasema ni hii hapa. Nilimwambia nitamletea jibu kwenye kikao kijacho, na ninayoandika hapa ndiyo niliyomwelezea, pamoja na machache ambayo siku hiyo nilishindwa kuyaweka sawa.

Tuanze na kwa nini watu wakusanye hela hata kidogo. Benki Kuu ya Tanzania hufanya minada ya hatifungani za serikali, yaani serikali inakopa kwa wananchi na mashirika kwa miaka 2, 5, 10, hadi 25, na kulipa riba kila baada ya miezi sita. Kiwango cha chini cha kushiriki ni Sh 1,000,000. Mwenye 20,000 mkononi atausikia mnada huo redioni tu. Kwa amana za muda maalumu, zile tunazoziita fiksidi, mambo ni hayohayo. Mwenye laki tano anapewa riba iliyobandikwa ukutani, mwenye milioni mia tano anaitwa ofisini kwa meneja, anapewa chai, wanapatana. Hata takwimu za Benki Kuu zina mstari wake wa pekee kwa riba hizo za makubaliano, na huwa juu ya zile za kawaida. Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam unaweza kuanza nazo kwa hela kidogo, ila hela kidogo itakununulia kampuni moja au mbili, na ikianguka moja umeanguka nayo.

Mfuko wa pamoja unawafanya wenye 20,000 wengi wawe mtu mmoja mwenye mabilioni. Tanzania jambo hili lilianza rasmi pale serikali ilipoanzisha UTT, yaani Unit Trust of Tanzania, mwaka 2003, na mfuko wa kwanza, Mfuko wa Umoja, ukazinduliwa 2005. Ikafuata mingine, kila mmoja na kapu lake: kuna wa hatifungani, wa ukwasi, wa watoto, wa wanaotaka gawio mara kwa mara. Siku hizi hata kampuni binafsi zina mifuko yao, zote chini ya leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Hayo Shangazi aliyapokea bila tabu. Kukusanya hela kwake si jambo geni. Amecheza upatu tangu kabla sijazaliwa. Kilichomkereketa kilikuwa kingine. "Sasa hii na DECI tofauti yake nini?" akauliza. Wenye umri wanakumbuka: watu walikuwa "wanapanda mbegu", wanavuna mara mbili au tatu baada ya miezi michache, mpaka serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 na wengi wakabaki na risiti. Ni swali la haki kabisa. Na sikutaka kumjibu kwamba huku kuna leseni na kule hakukuwa nayo, kwa sababu leseni haimwambii mtu kitu kuhusu namna hela inavyotembea. Nikaomba karatasi na kalamu.

Tufanye tuna mfuko mdogo wa kubuni. Umekusanya Sh 10,000,000, na siku ya kwanza umegawanywa vipande 100,000 vya Sh 100 kila kimoja. Meneja wa mfuko ananunua hatifungani za serikali za Sh 6,000,000 zenye riba ya 12% kwa mwaka. Anaweka Sh 2,500,000 benki kwa amana ya muda maalumu ya 9.6%. Anachukua hisa za kampuni tano za Sh 1,000,000 kwa jumla, yaani laki mbili kila kampuni. Laki tano zinazobaki anaziacha taslimu, kwa ajili ya wanaotaka kutoka. Hilo ndilo kapu. Na kila kipande ni kisehemu kimoja katika laki moja cha kapu lote: ndani yake kuna Sh 60 za hatifungani, Sh 25 za amana, Sh 10 za hisa na Sh 5 taslimu. Nusu kipande kina Sh 30 za hatifungani, Sh 12.50 za amana, na kuendelea hivyo. Ndivyo nusu kipande kinavyokaa.

Mwezi unapita. Hatifungani zimezalisha Sh 60,000 za riba, ambazo serikali haijazilipa bado, lakini zimeshaiva na ni haki ya mfuko. Amana ya benki imezalisha Sh 20,000. Hisa zimeshuka kidogo, kapu limepoteza Sh 30,000 hapo. Na meneja naye anakula: tuseme ada yake ni 1.8% kwa mwaka, kwa mwezi mmoja ni Sh 15,000. Jumla ya mali sasa ni Sh 10,035,000. Igawe kwa vipande 100,000, unapata Sh 100.35.

Hiyo ndiyo thamani halisi ya kipande, na ndiyo bei inayotangazwa. Mfuko wa kweli hufanya hesabu hii kila siku ya kazi. Angalia kwamba ada ya meneja imeshatolewa kabla bei haijatoka. Huletewi ankara, unaletewa bei iliyopungua kidogo. Ndiyo maana watu wengi husema mfuko wao hautozi kitu. Unatoza, tena kila siku. Ipo mifuko ambayo pia inakata asilimia fulani ukiuza vipande, na hilo huandikwa kwenye waraka wa toleo, yaani kitabu cha masharti ya mfuko, kurasa ambazo watu huziruka.

Sasa anaingia mgeni na Sh 1,003,500. Bei ya leo ni 100.35, kwa hiyo anapata vipande 10,000 kamili. Mali ya mfuko imekuwa Sh 11,038,500, vipande vimekuwa 110,000. Gawanya tena: 100.35. Bei haikusogea hata senti. Hela ya mgeni imeingia yote kwenye kapu kama hela yake mwenyewe, na waliotangulia hawakupata faida wala hasara kwa sababu ya kuja kwake. Nilimpa Shangazi simu arudie hesabu mwenyewe kwenye kikokotoo. Akarudia mara mbili.

Tofauti na DECI imekaa pale. Kule aliyevuna leo alilipwa kwa mbegu za aliyepanda jana, hakukuwa na shamba. Mbegu mpya zikipungua, hakuna wa kulipa. Katika mfuko wa pamoja, mwenyeji anapata riba ya serikali, riba ya benki na mabadiliko ya bei za hisa, basi. Hata mgeni asipoonekana mwaka mzima, hatifungani zitaendelea kulipa. Mtu akikwambia kuna "mfuko" ambao faida yako inategemea umeleta watu wangapi, hapo huhitaji hata kuuliza leseni.

Lakini hesabu hii inakaa sawa kwa sharti moja: bei ya leo iwe kweli ni ya leo. Tuseme mhasibu amechelewa, na mgeni wetu akauziwa kwa bei ya mwezi uliopita, Sh 100. Atapata vipande 10,035 badala ya 10,000. Ukigawa mali yote kwa vipande vyote sasa, bei inatoka karibu Sh 100.318. Wale wa mwanzo, wenye vipande laki moja, wamepoteza karibu Sh 3,200 kwa jumla, na hela hiyo imehamia kwa mgeni. Hakuna aliyeiba wala soko kuanguka. Bei imekosewa kwa senti chache tu, na hela imetoka mfuko wa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kimyakimya. Kwenye mfuko wa mamia ya mabilioni, senti hizo ni nyumba. Ndiyo maana mifuko mingi haikuuzii kwa bei uliyoiona ukipiga simu asubuhi. Unatuma hela, unapewa bei itakayopatikana baada ya hesabu za siku. Watu hulalamika kwamba wamebadilishiwa bei. La, wamelindwa, pamoja na wenzao.

Hapa nitoe na dukuduku langu moja. Kila baada ya muda anatokea mtu kwenye kundi la Wasapu na ushauri kwamba mfuko fulani ni ghali kwa sababu kipande chake kimefika Sh 1,000, bora ule mwingine wa Sh 110 kwa kuwa "bado una nafasi ya kupanda". Hili ni kosa, na linarudiwa na watu waliosoma. Bei ya kipande inategemea ulianza kwa Sh ngapi na umeishi miaka mingapi. Mfuko ulioanzia Sh 100 miaka ishirini iliyopita lazima uwe na bei kubwa kuliko ulioanza juzi. Ukiweka laki moja kwenye kila mmoja, na kila mmoja ukakua kwa 10%, kila mmoja atakuwa na laki na elfu kumi, hata kama kwa mmoja una vipande 100 na kwa mwingine una 909. Kukata ubuyu kwenye vifurushi vidogo hakuongezi ubuyu.

Gawio nalo lina mtego wa namna hiyo. Mfuko unaogawa Sh 3 kwa kipande umezitoa kwenye kapu lilelile. Kipande cha 100.35 kesho yake kitakuwa 97.35, na Sh 3 zako ziko kwenye simu. Kwa mstaafu anayehitaji hela ya matumizi ni utaratibu mzuri, ila si faida ya ziada juu ya faida. Ndugu zetu wa Kenya wana mtindo mwingine tena. Kwenye mifuko yao ya soko la fedha, ile inayokopesha kwa muda mfupi, bei ya kipande haisogei, riba ya siku huongezwa kama vipande vipya, kwa hiyo wao huzungumzia asilimia za leo na sisi tunazungumzia bei ya leo. Tena wao hukatwa kodi ya zuio ya 15% kwenye riba hiyo, kwa hiyo asilimia wanayotangaziwa si lazima iwe ndiyo inayofika mfukoni. Kapu lililo nyuma halina tofauti kubwa.

Tulirudi kwenye swali la hela iko wapi. Kisheria mfuko una watu watatu ambao hawatakiwi kuwa mtu mmoja. Yuko meneja, anayeamua kinunuliwe nini. Yuko mtunza mali, ambaye mara nyingi ni benki, anayeshika mali zenyewe kwa jina la mfuko. Hela yako inaingia kwake, na meneja anatoa maagizo tu. Halafu yuko mdhamini au bodi ya wadhamini, kazi yake ni kuhakikisha meneja anafuata waraka wa toleo. Meneja akifilisika, hatifungani na hisa si mali yake, wadai wake hawazigusi. Kwa hiyo hela yetu, nikamwambia Shangazi, kiasi kikubwa imekopeshwa serikalini, nyingine iko kwenye amana za benki kadhaa, na karatasi zake anazishika mtu ambaye si yule anayeamua.

"Na ikipotea, benki italipa?"

Hapana. Bima ya amana inalinda akaunti za benki. Vipande si akaunti. Kama thamani ya kapu imeshuka, thamani ya kipande imeshuka, na hakuna wa kufidia. Na kapu linashuka kwa njia ambazo ni vizuri kuzijua moja moja, kwa sababu hazifanani.

Ya kwanza ndiyo ambayo kapu pana limetengenezwa kuizuia. Chukua ule mfuko wetu wa kubuni, kampuni moja kati ya tano ikafa kabisa, hisa zake zikawa karatasi za kufungia maandazi. Mfuko umepoteza Sh 200,000 kati ya 10,035,000, chini kidogo ya 2%. Riba ya hatifungani na amana itafidia shimo hilo ndani ya miezi miwili na nusu. Aliyekuwa ameweka laki mbili zake zote kwenye kampuni hiyo hana cha kusubiri.

Ya pili kapu pana haliizuii sana, kwa sababu inagusa karibu kila kitu kilichomo: riba za sokoni zikipanda. Hili huwachanganya watu, maana riba kupanda inasikika kama habari njema kwa mkopeshaji. Fikiria hatifungani ya Sh 1,000,000 inayolipa 12%, yaani Sh 120,000 kwa mwaka mpaka iive. Serikali ikaanza kutoa mpya zinazolipa 15%. Nani atanunua ya kwako ya 12% kwa milioni kamili? Atakwambia punguza bei, mpaka punguzo lifidie riba anayoikosa. Kama imebaki miaka miwili tu, punguzo ni dogo: utauza kwa karibu Sh 950,000. Kama imebaki miaka ishirini, mnunuzi anakosa asilimia tatu kwa miaka ishirini, na bei inashuka hadi karibu Sh 810,000. Serikali ni ileile, haijakosa kulipa hata mara moja, riba yako inaingia kama kawaida. Ila ukitaka kuuza leo, umepoteza karibu laki mbili.

Swali ni meneja anaiandika Sh ngapi hatifungani hiyo kwenye hesabu ya leo. Kuna njia mbili. Anaweza kuiandika kwa bei ambayo soko lingempa leo, Sh 810,000. Au, kama ana nia ya kuishika mpaka iive, anaweza kuiandika kwa gharama aliyonunulia na kuongeza riba kidogo kidogo kila siku, kana kwamba soko halipo. Kwa njia ya kwanza bei ya kipande inapanda na kushuka. Kwa njia ya pili inapanda tu, taratibu, kila siku, kama maji yanayojaa kwenye pipa. Wanunuzi wanaipenda hii ya pili, na mimi naelewa kwa nini. Lakini grafu iliyonyooka haina maana kwamba hatari haipo. Inaweza kuwa na maana kwamba hatari haiandikwi.

Na itajulikana siku watu wengi watakapotaka kutoka kwa pamoja. Rudi kwenye mfuko wa Sh 10,035,000. Vitabu vinasema hatifungani ni Sh 6,000,000 pamoja na riba iliyoiva, lakini tuseme sokoni zimeshuka thamani kwa Sh 600,000. Thamani ya kweli ya mfuko ni Sh 9,435,000, sawa na 94.35 kwa kipande, wakati bei inayotangazwa ni 100.35. Wanatokea watu wenye vipande 20,000, wanataka hela yao. Wanalipwa kwa bei iliyotangazwa, Sh 2,007,000. Taslimu ilikuwa laki tano tu, kwa hiyo meneja anavunja amana kabla ya muda wake na kukosa riba, na akizidiwa anauza hatifungani kwa bei ya sokoni. Waliobaki wana vipande 80,000 na mali yenye thamani ya Sh 7,428,000, hata tukisahau gharama za kuvunja amana. Ni 92.85 kwa kipande. Hasara yao ya haki ilikuwa Sh 6, wamebeba 7.50, kwa sababu walioondoka mapema hawakubeba yao.

Ni kosa lilelile la mgeni aliyeuziwa kwa bei ya zamani, limegeuzwa tu. Kule aliyeingia kwa bei isiyo ya leo aliwala waliokuwa ndani. Huku aliyetoka kwa bei isiyo ya leo amewala waliobaki. Septemba 2008 mfuko mmoja mkubwa wa Marekani, Reserve Primary Fund, uliokuwa ukiuza kipande kwa dola moja siku zote, ulikutwa na karatasi za benki ya Lehman Brothers iliyofilisika. Kipande kikatangazwa kuwa senti 97. Senti tatu tu, lakini watu walikuwa wamezoea kuhesabu kipande na dola kuwa kitu kimoja, na mbio za kutoka zilisambaa hadi kwenye mifuko mingine isiyohusika, mpaka serikali yao ikabidi iweke dhamana.

Si lazima twende mbali kiasi hicho. Kenya walishaonja. Kampuni kubwa zilikuwa zikikopa kwa hati fupi, za miezi michache, na riba yake ilikuwa nono kuliko ya serikali. Nakumatt, duka ambalo kila mtu wa Nairobi alilijua, ilikuwa mmoja wa wakopaji hao. Duka lilipoishiwa nguvu na kuwekwa chini ya msimamizi mwanzoni mwa 2018, mfuko wa soko la fedha uliokuwa chini ya Amana Capital ulikuwa na hati hizo ndani, na ukalazimika kusitisha kuwalipa waliotaka kutoka. Wenye vipande wengi walidhani wameweka hela mahali pa tahadhari kuliko pote, kwa sababu jina la mfuko wa namna hiyo linasikika hivyo. Hakuna sheria ya asili inayosema mfuko wa soko la fedha hauna hatari. Una hatari ya kilichomo.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei au asilimia, mimi sasa naangalia kapu. Kila mfuko wenye leseni hutoa taarifa inayoonyesha mgawanyo: asilimia ngapi hatifungani za serikali, ngapi amana za benki, ngapi hisa, ngapi karatasi za makampuni. Mifuko miwili ya aina moja, katika nchi moja, inakopesha serikali ileile na benki zilezile, hivyo faida zao hazitakiwi kupishana sana. Mmoja ukiwa juu ya wenzake kwa asilimia tatu au nne mwaka baada ya mwaka, ama ada yake ni ndogo mno, ama ameshika hatifungani ndefu mno, ama ana kitu ndani ambacho wenzake wamekiogopa. Inabidi ijulikane ni kipi kati ya hivyo. Halafu naangalia siku za kutoka. Mfuko unaoahidi kukulipa ndani ya siku tatu huku kapu lake limejaa hatifungani za miaka 20 na 25 unaahidi kwa kutegemea kwamba wengine hawataomba siku hiyohiyo. Kwa kawaida hawaombi. Mfuko wa hisa na hatifungani ndefu unaochukua siku kumi za kazi kulipa unaudhi, lakini angalau unakwambia ukweli kuhusu mali yake.

Kikao cha pili nilimletea Shangazi taarifa ya mfuko wetu, ukurasa mmoja, nimeuchapa kwa herufi kubwa kwa ajili ya miwani yake. Akapitisha kidole mstari kwa mstari. Hatifungani za serikali. Amana. Hisa. Taslimu. Kidole kikasimama chini kabisa, kwenye mstari ambao mimi niliupita mara tatu bila kuuona: "Mengineyo, 4%."

"Mengineyo ndiyo nini?"

Sikujua. Jumatatu nikaandika barua pepe kwa meneja wa mfuko, kwa niaba ya kikundi, nikauliza hivyohivyo alivyouliza yeye. Jibu lilichukua siku mbili: ni riba ya hatifungani iliyokwisha kuiva lakini serikali haijailipa kwa kuwa miezi sita haijatimia, pamoja na malipo ya hisa zilizouzwa ambayo yalikuwa bado njiani. Nikampigia Shangazi nikamsomea. Akaniuliza serikali inalipa mwezi gani. Nikamwambia Machi. Akasema basi taarifa ya Aprili nimletee, atazame kama ule mstari umepungua.